Kikosi cha +31: jinsi dakika 46 zilivyotupotosha

Kisa hiki ni cha timu moja ya mpira wa kikapu ya wanaume ambayo nilikuwa mtunza takwimu wake kwa msimu mmoja. Jina la timu, ligi na wapinzani nimeyaacha, na namba za jezi nimezibadilisha. Hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa kwenye daftari langu. Kosa kubwa ndani ya kisa hiki lilikuwa langu, si la kocha.

Mazingira

Mechi zetu zilikuwa za dakika 40, robo nne za dakika kumi kumi, na saa ya shambulizi ya sekunde 24. Kwa kasi yetu kila timu ilipata mashambulizi 72 hivi kwa mechi, yaani chini kidogo ya mawili kwa dakika. Shambulizi hapa ni muda wote timu inapokuwa na mpira mpaka ifunge, iupoteze, au mpinzani adake ribaundi, yaani mpira wa mtupo uliokosa.

Kocha alikuwa ameniomba kitu kimoja: nimwambie watano gani wakiwa uwanjani timu inakwenda mbele, na watano gani wakiwa uwanjani inarudi nyuma. Hiyo ndiyo plasi-mainasi ya kikosi. Unaandika matokeo watano hao wanapoingia, unaandika tena mmoja wao anapotoka, kisha unatoa alama tulizofungwa katika alama tulizofunga. Wakiingia tukiwa 30 kwa 28 na mmoja akatoka tukiwa 37 kwa 30, wamepata +5. Unajumlisha vipande hivyo mechi baada ya mechi.

Uzuri wake ni kwamba inahesabu kila kitu: ukabaji, kuwekeana kizuizi, pasi ya kabla ya pasi ya mwisho, mambo ambayo karatasi ya kawaida ya mechi haiyaoni. Lakini kuhesabu kila kitu maana yake ni kuhesabu pia kila kilichotokea kwa bahati mchezaji akiwa amesimama tu pale.

Mechi tisa za kwanza

Baada ya mechi tisa tulikuwa tumeshinda tano na kufungwa nne. Katika dakika hizo 360 kocha alikuwa ametumia vikosi tofauti 64. Msomaji asishangae: watu kumi tu wanatosha kuunda vikosi 252 vya watano watano, na orodha ya mechi ina watu 12. Kati ya hivyo 64, ni 24 tu vilivyofikisha dakika tano kwa jumla. Vingine vilikuwa vya kupita, mtu ametoka kufunga kamba ya kiatu na mwenzake kaingia dakika moja.

Viwili ndivyo vinavyohusika hapa. Kikosi A kilikuwa cha kuanza mechi: dakika 118, tofauti ya +9. Kikosi B kilikuwa na watatu wa kikosi A, ila senta wetu mrefu, nitamwita Namba 15, alibadilishwa na fowadi mfupi mwenye mbio, na mmoja wa magadi alibadilishwa na mpiga pointi tatu. Kikosi B kilikuwa na dakika 46 na tofauti ya +31.

Hapo ndipo nilipokosea. Ili vikosi vilinganishwe kwa haki, niligeuza kila tofauti iwe ya mashambulizi 100. Kikosi A kikatoka na +4. Kikosi B, chenye mashambulizi 83 hivi kila upande, kikatoka na +37. Nikapanga jedwali kuanzia juu kwenda chini, nikapaka rangi ya kijani walio juu na nyekundu walio chini, nikafuta safu ya dakika kwa sababu jedwali lilikuwa limejaa, nikamtumia kocha kwenye simu.

Jedwali lilikuwa linavutia. Lilikuwa pia limefuta kitu pekee ambacho kingemwambia kocha aliamini jedwali hilo kiasi gani.

Uamuzi wa kocha na sababu zake

Kocha hakukurupuka. Alinipigia usiku akauliza kama hesabu ni sahihi, nikamwambia nimezipitia mara mbili, na kweli nilikuwa nimezipitia. Alisema pia kwamba jicho lake lilikuwa linaona jambo hilo hilo: kikosi B kikiingia uwanja unafunguka, kwa sababu beki wa chini wa wapinzani analazimika kumfuata fowadi wetu nje ya boksi. Kwa hiyo namba na jicho vilikuwa vinasema lugha moja. Ni vigumu sana mtu mwenye akili kukataa ushahidi wa namna hiyo.

Lakini jicho la kocha na jedwali langu havikuwa mashahidi wawili. Vyote viwili vilikuwa vimeangalia dakika zile zile 46. Zikiwa na bahati, jicho litaona bahati na jedwali litaandika bahati, halafu vitathibitishana.

Kuanzia mechi ya kumi, kikosi B kikawa cha kuanza. Namba 15 akashuka kutoka dakika 27 kwa mechi hadi tisa.

Mechi saba zilizofuata

Kikosi B kilicheza dakika 102 katika mechi saba, zaidi ya mara mbili ya zile za mwanzo. Tofauti ikawa −6. Kwa mashambulizi 100 ni −3. Tulishinda tatu tukafungwa nne.

Maelezo yalianza kumiminika, na kila moja lilisikika vizuri. Wengine walisema watano hao wamevimba kichwa. Wengine wakasema wapinzani wameshatusoma. Kapteni alidhani wanachoka kwa sababu wanaanza. Kocha mwenyewe alidhani mpiga pointi tatu amepoteza kujiamini, akaanza kumpa mazoezi ya ziada ya kupiga. Sikusikia hata mtu mmoja akisema kwamba pengine kikosi B hakikuwahi kuwa cha +37, na mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Baada ya mechi ya 13, tuliyopoteza kwa alama tatu, nikarudi kwenye daftari. Safari hii sikuanza na swali la kwa nini wameshuka. Nilijiuliza: vikosi viwili vilivyo sawa kabisa vikikutana kwa mashambulizi 83 kila upande, tofauti huwa inayumba kiasi gani yenyewe?

Kopo la karatasi

Nilihesabu mashambulizi yote ya mechi tisa za kwanza, yetu na ya wapinzani, nikaona yanaishaje. Katika kila 100, mashambulizi 53 yaliisha bila alama, manne yaliisha kwa alama moja, 31 kwa alama mbili, na 12 kwa alama tatu. Wastani wake ni alama 1.02 kwa shambulizi.

Nikakata vipande 100 vya karatasi, nikaandika 0 kwenye 53, 1 kwenye vinne, 2 kwenye 31, na 3 kwenye 12, nikavitia kwenye kopo. Nikaenda nalo kwa kocha. Sheria ya mchezo ilikuwa rahisi: unachomoa kipande, unaandika namba, unakirudisha, unatikisa kopo. Mara 83 kwa ajili ya “sisi”, mara 83 kwa ajili ya “wao”. Kopo ni lile lile na karatasi ni zile zile, kwa hiyo timu hizi mbili ziko sawa kuliko timu zozote duniani.

Mara ya kwanza tulipata −9. Mara ya pili +17. Ya tatu +4. Ya nne, kocha mwenyewe akichomoa, −22.

Alitazama ile −22 akaniuliza, “Hawa wangekuwa wachezaji wangu, ningewafanya nini?”

“Ungewaweka benchi, Kocha.”

“Na wale wa +17?”

“Ungewaanzisha.”

Tulitumia karibu saa nzima kwa majaribio manne, kwa hiyo mengine niliiachia kompyuta. Katika majaribio 10,000 ya kopo lile lile, karibu mawili katika kila 100 yalifika +31 au kupita.

Hesabu ya mkono inafika pale pale. Kuyumba kwa shambulizi moja, kwa kipimo ambacho wanahisabati wanakiita varianzi, ni 1.32 kwa kopo letu. Mashambulizi ni 166 ukichanganya pande zote mbili. Zidisha 1.32 kwa 166, tafuta kipeuo cha pili, unapata alama 15 kasoro kidogo. Hicho ndicho kiasi cha kawaida cha kuyumba. Theluthi mbili ya majaribio huangukia ndani ya alama 15 kila upande wa sifuri, na moja hivi katika kila 20 hutoka nje ya alama 30.

Hapa kocha aliuliza swali zuri. Kama ni mawili tu katika 100, si maana yake +31 ni nadra, na kwa hiyo kikosi B kina kitu? Ingekuwa hivyo kama kabla ya msimu tungekaa tukasema: tunakifuatilia kikosi hiki kimoja tu. Hatukufanya hivyo. Tulisubiri vikosi 24 vicheze, tukatazama kilichotokea juu ya orodha, kisha tukashangaa kwamba kiko juu. Ukichezesha makopo 24 yaliyo sawa kabisa, uwezekano wa angalau moja kupata matokeo ya kustaajabisha kiasi hicho unazidi theluthi moja. Jedwali lililopangwa kutoka juu kwenda chini ni mashine ya kuokota bahati nzuri na kuiweka mstari wa kwanza.

Na kopo lilikuwa pole kwetu. Ndani yake mpinzani ni yule yule siku zote, uchovu haupo, wala hakuna mtu wa kupandwa na moto akafunga tatu mfululizo. Uwanjani kuna hayo yote, kwa hiyo kuyumba halisi hakuwezi kuwa kudogo sana kuliko kwa kopo. Mara nyingi ni kukubwa zaidi.

Kikosi A nacho tukipime kwa kipimo hicho. Kilikuwa na mashambulizi 212 kila upande. Ukiigeuza hesabu kuwa ya mashambulizi 100, +4 yake ilikuwa na ukungu, yaani kuyumba kwa kawaida mara mbili, wa 22 kila upande: popote kati ya −18 na +26. Kikosi B kilikuwa popote kati ya +2 na +72. Vipande hivyo viwili vinaingiliana kwa sehemu kubwa, na jedwali langu la kijani na nyekundu lilikuwa limevitenganisha kama mbingu na ardhi.

(Mtu wa netiboli ataniuliza kama kwao ni afadhali. Kidogo. Shambulizi la netiboli linaisha kwa bao moja au bila bao, kwa hiyo kila moja linayumba kidogo kuliko la kikapu. Tuseme theluthi mbili ya mashambulizi yanaleta bao: kwa mashambulizi 80 kila upande, kuyumba kwa kawaida ni kama mabao sita. Ila mechi nyingi za netiboli huamuliwa kwa mabao machache, kwa hiyo sita hizo zinatosha kabisa kumfanya mtu abadilishe wafungaji wake bila sababu.)

Ndani ya ile +31

Kujua kwamba bahati inaweza kuleta +31 si sawa na kujua kwamba ilileta. Nilirudi kwenye karatasi za mechi moja moja nione alama hizo zilitoka wapi.

| Mechi | Dakika za B | Tofauti |
|---|---|---|
| 1 | 3 | +2 |
| 2 | 6 | −3 |
| 3 | 11 | +19 |
| 4 | 4 | +1 |
| 5 | 7 | +10 |
| 6 | 2 | −2 |
| 7 | 5 | +1 |
| 8 | 5 | +4 |
| 9 | 3 | −1 |

Mechi ya tatu na ya tano zinabeba +29 kwa dakika 18. Mechi saba zilizobaki, dakika 28, ni +2 tu. Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho yeyote anaweza kukifanya kwa kalamu: gawanya mechi za namba witiri na za namba shufwa. Za witiri zinatoa +31. Za shufwa zinatoa sifuri. Kikosi ni kile kile, msimu ni ule ule, na kigezo cha kugawa hakina maana yoyote ya kimpira. Nusu mbili zikitofautiana hivyo, namba haijatulia.

Mechi ya tatu niliikumbuka. Dakika sita za mwisho wapinzani walikuwa wameshakubali yaishe, wakaingiza vijana wao wa mwisho wa benchi. Kikosi B kiliokota +11 hapo. Na si siku hiyo tu. Kwa kuwa B kilizoea kuingia mwishoni mwa robo ya pili, dakika 29 kati ya 46 kilikuwa kinakabiliana na wapinzani wenye watu watatu au zaidi kutoka benchi. Kikosi A kilikuwa na dakika 21 za namna hiyo kati ya 118. Plasi-mainasi haiulizi uliyemfunga ni nani.

Kisha mitupo. B kikiwa uwanjani, wapinzani walipiga pointi tatu 27 wakaingiza tatu tu. Sehemu nyingine za msimu walikuwa wanaingiza karibu tatu katika kila kumi. Wangeingiza kama kawaida yao, yaani nane, tungefungwa alama 15 zaidi, au pungufu kidogo kwa sababu baadhi ya mitupo iliyokosa waliiokota wakafunga kwa mbili. Nilitazama tena video ya mitupo kumi na kitu kati ya hiyo. Mingi ilikuwa wazi, mpigaji ametulia, mkono wa beki uko mbali. Haikuwa kazi ya ukabaji wetu. Mpira uligonga chuma tu.

Mitupo huru inaonyesha jambo hilo bila ubishi, maana hakuna anayemkaba mtu kwenye mstari. Dhidi ya B wapinzani waliingiza nane kati ya 19. Kwa kawaida yao ya mechi nyingine wangepata 12 hivi. Alama nne hizo ziliandikwa kwenye hesabu ya kikosi kilichokuwa kimesimama kando ya boksi kikitazama.

Upande wetu, B kiliingiza pointi tatu kumi kati ya 24, wakati kiwango cha timu kingetoa saba. Tisa nyingine.

Nisijumlishe vipande hivi kana kwamba ni bili, kwa sababu baadhi ya mitupo iliyokosa ilitokea ndani ya dakika zile sita za mwisho wa mechi ya tatu, na kuhesabu mara mbili ni rahisi. Ila hata ukivihesabu kwa ubahili, sehemu kubwa ya +31 inayeyuka. Katika mechi saba za baadaye wapinzani waliingiza pointi tatu 17 kati ya 55 dhidi ya B. Ukabaji haukushuka. Mitupo ilirudi kwenye kiwango chake.

Kilichokuwa mbele ya macho

Sehemu hii ndiyo inayoniuma. Wakati tunashangilia +31, daftari lilikuwa na namba nyingine iliyokuwa ikitoa ishara tofauti, na sikuitazama kwa sababu haikuwa kwenye jedwali.

Mpinzani akikosa, nani anadaka? B kikiwa uwanjani katika zile dakika 46, wapinzani walikosa mitupo 56 ya mchezo wakadaka wenyewe 19, asilimia 34. Dhidi ya A walidaka 31 kati ya 130, asilimia 24. Sababu yake haihitaji hesabu: tulikuwa tumemtoa Namba 15. Wapinzani walikuwa wanapata nafasi ya pili mara kwa mara, na wakawa wanakosa hiyo nafasi ya pili pia. Mtupo unaokosa ulificha ribaundi inayopotea.

Nikiwa mkweli, tofauti hiyo ya asilimia kumi peke yake ilikuwa bado ndani ya kuyumba kwa bahati. Kwa idadi ile ya mitupo, ukungu wake ulikuwa kama asilimia 14 kila upande. Lakini ilikuwa na kitu ambacho +31 haikuwa nacho: sababu ya kimchezo inayoweza kuelezwa kabla ya kutazama namba. Mtoe mtu mrefu, ribaundi zitapungua. Mechi saba zilizofuata wapinzani walidaka 43 kati ya 118, asilimia 36. Ukijumlisha vipindi vyote viwili ni 62 kati ya 174, na hapo tofauti na kikosi A imetoka kwenye ukungu. Ile mechi ya 13 tuliyopoteza kwa alama tatu, wapinzani walidaka ribaundi 17 chini ya kikapu chetu.

Kwa nini ribaundi iliongea mapema kuliko plasi-mainasi? Kwa sababu plasi-mainasi inasubiri mwisho wa mnyororo. Ribaundi inadakwa, kisha mtu anapiga, kisha mpira unaingia au hauingii, na kila pete ya mnyororo inaongeza bahati yake. Ukihesabu pete ya mwanzo, unahesabu kitu kilicho karibu zaidi na kazi ya wachezaji wenyewe.

Jedwali jipya

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kurudisha safu ya dakika, na kuiweka kabla ya safu ya tofauti, ili jicho likutane nayo kwanza. Rangi nilizifuta.

Cha pili, nilianza kuvuta kila namba kuelekea sifuri kulingana na uchache wa mashambulizi. Njia niliyotumia ni nyepesi: chukua mashambulizi ya kikosi, yagawanye kwa mashambulizi hayo pamoja na 400, kisha zidisha jibu kwa tofauti ya mashambulizi 100. Ile 400 haikutoka mbinguni. Inatokana na dhana yangu kwamba ubora wa kweli wa vikosi vya timu moja hautofautiani sana, tuseme kuyumba kwa alama nane kwa mashambulizi 100. Mwenye dhana nyingine atumie namba nyingine. Nilivuta kuelekea sifuri kwa sababu timu yetu ilikuwa karibu na sifuri; timu inayoshinda kila wiki ivutwe kuelekea wastani wake yenyewe.

Kwa kipimo hicho, kikosi B baada ya mechi tisa kilikuwa 83 kwa 483, yaani 0.17, mara 37, jibu +6. Kikosi A kikatoka na +1.5. Pengo la alama 33 likawa pengo la chini ya tano. B bado kiko juu, na hilo lilikuwa sawa: pengine kweli kilikuwa bora kidogo. Lakini hakuna kocha ambaye angemshusha senta wake hadi dakika tisa kwa ajili ya alama tano za kukisia.

Kocha alitaka kujua tungehitaji dakika ngapi ili tuwe na uhakika. Nilimfanyia hesabu mbili. Ili ukungu wa kikosi kimoja upungue hadi alama kumi kila upande, kinahitaji mashambulizi zaidi ya elfu moja, karibu dakika 590. Ni mechi 15 kamili bila mtu yeyote kutoka. Na kutofautisha vikosi viwili vilivyopishana kwa alama tano za kweli, kila kimoja kingehitaji mechi kama 117 kamili. Alicheka akasema wachezaji wake watakuwa wameshastaafu.

Hata NBA, ambako timu ina mechi 82 za dakika 48, kikosi kinachotumika zaidi kwa kawaida hakifikishi dakika elfu moja kwa msimu. Ndiyo maana wachambuzi wa huko walihama kutoka kwenye vikosi kwenda kwenye hesabu zinazomgawia kila mchezaji sehemu yake kwa kuzingatia wenzake na wapinzani wake kwa wakati mmoja. Dan Rosenbaum alichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 2004, na mwaka 2010 Joe Sill akaonyesha kwamba hesabu hizo hutabiri vizuri zaidi ukizivuta kuelekea sifuri, wazo lile lile la 400 yangu kwa umbo la kitaalamu. Nilijaribu kitu kama hicho kwa mechi zetu 16. Kiligoma. Watatu wetu walikuwa uwanjani pamoja karibu kila dakika, na hesabu haina njia ya kujua nani kati yao anastahili nini.

Kikosi B kiliishia wapi

Kuanzia mechi ya 17 kocha alimrudisha Namba 15 kwenye kuanza. Kikosi B alikiweka kwa ajili ya wapinzani wasio na senta mrefu, kwa sababu ile hoja yake ya uwanja kufunguka ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Iliyotiwa chumvi ni ukubwa wake. Mpiga pointi tatu aliachishwa mazoezi ya ziada. Hakuwa na ugonjwa wowote.

Namba 15 alichukua muda. Wiki saba za kukaa benchi zilimtoa kwenye mdundo, na mechi mbili za kwanza alikuwa anachelewa hatua moja kila mahali. Nilimweleza mwenyewe kwamba jedwali lile lilikuwa langu. Alinisikiliza, akauliza swali moja tu, kama kocha naye anajua. Nikamwambia anajua.

Kwa jumla kikosi B kilikuwa kimecheza dakika 148, tofauti ya +25. Kwa mashambulizi 100 ni +9, ukungu wa 20 kila upande, na ukikivuta kinatoka karibu +4. Nilikuwa nasubiri dakika zake nyingine nione namba hiyo inaelekea wapi. Mechi ya 18 fowadi mfupi alitua juu ya mguu wa mtu, akateguka kifundo, msimu wake ukaishia hapo. Hao watano hawakucheza tena pamoja.